Bomba la jengo limepasuka ndani ya fleti yangu: bima ya nani inalipa?

Ndugu mshauri,

Ninamiliki fleti ya ghorofa ya tatu katika jengo lenye fleti 20. Usiku mmoja bomba linalopandisha maji ghorofa za juu, ambalo limepita ndani ya ukuta wa jiko langu, lilipasuka juu kidogo ya dari. Mpaka mlinzi anafunga vali kuu, kipande cha dari ya jipsamu kilishaanguka, makabati ya jikoni niliyotengenezesha mwenyewe yalishalowa na kuvimba, na sakafu ya mbao niliyoitandaza juu ya vigae ikaanza kuinuka. Friji na makochi vimeharibika. Maji yalishuka hadi kwa jirani wa chini, naye ananitaka nimlipe.

Kamati inasema bima ya jengo ipo, ila italipia "bomba na ukuta tu", mambo ya ndani nijitegemee. Tena tumeambiwa jengo limekatiwa bima ndogo, kwa hiyo huenda wamiliki wote tukachangishwa. Mimi nalipa ada ya huduma kila mwezi, na benki ilinikata fedha ya bima nilipochukua mkopo. Nilidhani nimemaliza. Nani analipa nini? Na mimi nikikata bima yangu, iwe ya vitu gani?

Mwenye fleti ya ghorofa ya tatu

*

Dada yangu, pole sana kwa hasara, na pole zaidi kwa kuzungushwa wakati nyumba bado imelowa. Nianze na kauli ya kamati, maana naona wameigeuza. Bomba lenyewe ndicho kitu ambacho bima ya jengo mara nyingi hailipi. Dari yako ya jipsamu, waliyokuambia ujitegemee, ndiyo ambayo huenda inalipwa. Kwa hiyo usiridhike na jibu la mdomo, omba karatasi.

Sehemu ambazo hazina mwenyewe mmoja, yaani msingi, nguzo, kuta za nje, paa, ngazi, lifti, matangi, pamoja na mabomba na nyaya zinazohudumia zaidi ya fleti moja, hukatiwa bima na chombo kinachowawakilisha wamiliki wote, kwa kawaida chama cha wamiliki kupitia kamati au meneja wake. Penye mwenye jengo mmoja aliyewapa wakazi haki ya kukaa kwa mkataba wa muda mrefu, mara nyingi yeye ndiye anayekata bima hiyo na kuirudisha kwenu ndani ya ada ya huduma. Kwa vyovyote, jengo linakuwa na hati moja. Kila mmoja akikatia bima kipande chake, moto ukiunguza ngazi kampuni 20 zitakaa kubishana sehemu ya nani imeungua, na ngazi haitajengwa.

Hati hiyo moja hubeba mambo mawili. La kwanza ni uharibifu wa jengo kwa moto, radi, dhoruba, bomba kupasuka na hatari nyingine zilizotajwa. La pili ni dhima kwa watu wengine katika maeneo ya pamoja, kwa mfano mgeni akiteleza kwenye ngazi iliyolowa na kuvunjika mguu. Vyote viwili unavilipia kwenye ada ya huduma, na hapo dhana yako ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba watu wengi hudhani mpaka wa bima hiyo ni mlango wa fleti: nje ni ya jengo, ndani ni ya mwenyewe. Wengine hudhani kinyume chake, kwamba kila kilichogandishwa ukutani ni cha jengo. Mpaka hauko pote pawili. Umeandikwa kwenye nyaraka mbili, na ukizisoma pamoja nusu ya ubishi wenu inakwisha.

Waraka wa kwanza ni katiba au kanuni za jengo pamoja na ramani iliyosajiliwa. Hizo ndizo zinazosema kipi ni cha pamoja, kipi ni chako, na nani ana wajibu wa kukitengeneza. Waraka wa pili ni hati ya bima yenyewe, na humo tafuta sehemu inayoeleza maana ya neno "jengo". Hapo utakuta mojawapo ya mitindo mitatu. Ziko hati zinazoishia kwenye muundo tu, yaani zege, kuta na paa, na yote yaliyo upande wa ndani wa kuta yanabaki kwako, hata masinki na milango. Ziko zinazokatia fleti kama ilivyokabidhiwa na mjenzi siku ya kwanza: dari, vigae, makabati ya awali, masinki, milango, lakini si vitu ulivyobadilisha baadaye. Na ziko zinazobeba kila kilichofungwa kwenye jengo, hata maboresho ya mmiliki, zikaacha tu vitu vinavyohamishika.

Ukienda kuomba hati, usikubali kupewa cheti cha bima peke yake. Cheti ni karatasi ya ukurasa mmoja inayothibitisha kwamba bima ipo. Haisemi inabeba nini. Omba hati kamili, jedwali lenye viwango, na nyongeza zote zilizobandikwa nyuma. Ni kwenye nyongeza hizo ambapo mara nyingi utakuta sharti la maji limebadilishwa au ekses ya maji imepandishwa. Ekses ni kile kiasi cha mwanzo cha hasara ambacho kampuni hailipi, mwenye bima anakibeba mwenyewe. Ni michango yenu inayolipia hati hiyo, kwa hiyo omba nakala kwa maandishi na bila woga.

Sasa tuingie jikoni kwako, kitu kimoja kimoja. Nitachukulia kwamba hati yenu ni ya mtindo wa pili, wa fleti kama ilivyokabidhiwa. Ukikuta ni mwingine, majibu ya dari, makabati na sakafu yanaweza kubadilika.

Bomba limepita ndani ya ukuta wako lakini linahudumia ghorofa za juu, na kanuni nyingi huhesabu bomba la namna hiyo kuwa la pamoja hata likipita chumbani kwa mtu. Kwa hiyo kulitengeneza ni kazi ya chama, wewe huhusiki. Ila bima hulipa ajali, hailipi kuchakaa. Bomba lililoliwa na kutu mpaka likatoboka, kampuni itakuambia kipande kipya cha bomba ni matengenezo, na chama kitakilipia kutoka mfuko wake. Maji yaliyotoka humo na kuharibu jengo ndiyo ajali, na hiyo inalipwa. Katikati ya hayo mawili kuna gharama ambayo watu huisahau: kuvunja ukuta ili kulifikia bomba, kisha kuuziba na kurudisha vigae. Baadhi ya hati zina kifungu cha kutafuta na kufikia uvujaji ambacho hulipia kazi hiyo, nyingine hazina. Angalia kama yenu inacho.

Hapo ndipo mkaguzi wa hasara atakapopima sana, nami nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo nikuambie anachokitazama. Anataka kujua kama maji yalitoka ghafla au yalikuwa yakivuja polepole kwa miezi. Kwa kawaida uvujaji wa ghafla huacha jipsamu iliyolowa na kupasuka, rangi ikiwa bado safi. Uvujaji wa polepole huacha pete za rangi ya kahawia zilizozungukana kwenye dari, ukungu mweusi kwenye kona, ukoko mweupe wa chumvichumvi kwenye kiungo cha bomba, na mbao za chini zilizooza badala ya kuvimba tu. Hati nyingi hazilipi uvujaji wa polepole. Kwa hiyo kile kipande cha bomba kilichopasuka kisitupwe. Kama fundi bomba ameshakikata, mwambie akupe, kiweke kwenye mfuko, andika tarehe. Kipige picha mahali kilipopasukia, na kipande cha dari kilichoanguka kihifadhi vilevile.

Dari ya jipsamu, kama ndiyo ile uliyokabidhiwa, ni sehemu ya jengo. Bima ya jengo inapaswa kuirudisha pamoja na plasta na rangi ya ukuta ulioharibika. Hilo lidai bila kusita.

Makabati ndiyo yenye utata. Mjenzi alikukabidhi makabati fulani, ukayaondoa, ukatengenezesha mazuri zaidi. Katika hati ya mtindo huu, hoja yako ya haki ni kwamba jengo lilikatiwa bima likiwa na makabati, kwa hiyo walau thamani ya yale ya awali ilipwe, na tofauti ya ubora ibaki kwako. Kampuni nyingine hukubali hivyo, nyingine husema ya awali hayapo tena hivyo hakuna kilichoharibika. Maneno ya hati ndiyo yatakayoamua, na ushahidi wako ni orodha ya vifaa vya mjenzi iliyoambatana na mkataba wa mauzo. Itafute hiyo orodha. Kama huna, jirani ambaye hajabadilisha jiko lake anaweza kukuruhusu upige picha ya makabati yake.

Sakafu ya mbao ni yako peke yako. Vigae vya chini vipo na havijaharibika, kwa hiyo jengo halijapoteza kitu. Mbao ni boresho lako, na ndilo pengo ambalo bima yako ingeliziba kama ungekuwa nayo. Friji na makochi ni mali inayohamishika, na hakuna bima ya jengo ya mtindo wowote inayoyagusa.

Kuna njia moja tu ya kuyapata hayo ya mwisho bila bima yako, nayo ni kuonyesha uzembe wa chama. Kama kuna mtu aliwahi kuripoti unyevu kwenye ukuta ule, au fundi alishaandika kwamba mabomba yamechoka na kamati ikaahirisha kazi, chama kinaweza kuwajibika kwako, na kile kipengele cha dhima kwenye hati ya jengo huenda kikahusika. Tafuta ujumbe wa zamani kwenye kundi la wamiliki na mihtasari ya vikao. Kama hakuna onyo lolote na bomba lilipasuka bila dalili, sehemu nyingi hutakuwa na wa kumdai. Naeleza hivyo kwa sababu wengi huamini kwamba bomba likiwa la jengo basi jengo hulipa kila kitu lilichokilowesha. Sivyo. Kumiliki bomba na kuwa na kosa ni mambo mawili.

Kanuni hiyohiyo inakulinda dhidi ya jirani wa chini. Bomba si lako na hukufanya kosa, kwa hiyo kwa hoja hiyo hudaiwi. Dari yake iende kwenye bima ya jengo kama yako, na vitu vyake viende kwenye bima yake. Mjibu kwa upole, mwambie umepokea madai yake na umeyafikisha kwa kamati, lakini usiandike popote kwamba "nitalipa" au "ni kosa langu". Hati za dhima kwa kawaida humkataza mwenye bima kukiri au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na jirani akiwa na ujumbe wako wa kukiri atakushika nao. Hali ingekuwa tofauti kabisa kama maji yangetoka kwenye mpira wa mashine yako ya kufulia ulioujua kuwa umechanika ukaendelea kuutumia. Hapo kosa lingekuwa lako, na bima ya jengo, hata ikilipa, ingeweza kukugeukia wewe ili irudishiwe fedha zake. Ziko hati za jengo zenye kifungu ambacho kampuni inaahidi kutowageukia wamiliki. Kama yenu haina, ni jambo la kuomba mnapohuisha bima.

Kuhusu kuchangishwa, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hasara kubwa za wamiliki nimeziona zikitokea hapa kuliko kwenye mabomba.

Jengo linatakiwa kukatiwa bima kwa gharama ya kulijenga upya: kubomoa kilichobaki, kuondoa kifusi, ada za wasanifu na wahandisi, vibali, vifaa na kazi, kwa bei za leo. Bei ya kuuza fleti haihusiani na hesabu hiyo, maana ndani yake kuna ardhi na sifa ya eneo, na ardhi haiungui. Kamati nyingi huchukua kiasi kilichoandikwa wakati jengo lilipokuwa jipya na kukirudia kila mwaka ili ada isipande. Miaka inapita, gharama za ujenzi zinapanda, kiasi kiko palepale.

Hasara ikitokea, hati nyingi zina kifungu kinachopunguza malipo kwa uwiano. Tuseme kulijenga upya jengo lenu kungehitaji mafungu 1,000 ya fedha, na kamati ilikata bima ya mafungu 600. Mmelipia sehemu 6 katika 10 za jengo, na nyingine 4 kampuni huzihesabu kwamba mlijikatia bima wenyewe. Maji yakileta hasara ya mafungu 40, wengi hudhani kampuni italipa zote 40 kwa kuwa 40 ni kidogo kuliko 600. Hailipi hivyo. Inalipa 6 katika 10 ya hasara, yaani 24. Ikiwa ekses ya maji ni mafungu 4 na inatolewa baada ya hesabu hiyo, zinabaki 20. Pengo ni mafungu 20. Likigawanywa sawa kwa fleti 20, kila mmiliki anatoa fungu 1, awe alilowa au hakulowa. Mara nyingi kanuni hugawa kwa ukubwa wa fleti badala ya usawa, kwa hiyo mwenye fleti kubwa anatoa zaidi.

Ona kwamba hesabu hiyo imefanyika kwa bomba moja. Jengo likiungua kabisa, pengo ni mafungu 400.

Kabla ya kukubali kuchangishwa, iulize kamati maswali matatu kwa maandishi. Makadirio ya kujenga upya yalifanywa lini na mthamini au mkadiriaji majenzi yupi? Kampuni imepunguza kwa uwiano gani, na barua yake iko wapi? Kanuni zetu zinasema ekses inabebwa na nani? Hili la mwisho halifanani kila mahali. Kuna kanuni zinazosema ekses ni ya chama daima, kuna zinazosema ni ya mwenye fleti maji yalikoanzia, na kuna zinazosema ni ya mwenye fleti iliyoharibika. Kwa bomba la pamoja, chama kina sababu kidogo ya kukusukumia wewe, lakini kifungu kilichoandikwa kitashinda hisia zangu na zako.

Tuje kwenye bima yako mwenyewe. Ile ya benki itazame leo. Mara nyingi fedha inayokatwa kwenye mkopo ni bima ya maisha ya mkopaji: ukifariki, deni linalipwa. Hiyo haijui kitu kuhusu makabati. Nyakati nyingine benki hukata pia bima ya moto kwa ajili ya fleti, lakini jina la benki limeandikwa kama mpokeaji wa kwanza wa malipo, na kiasi huweza kufuata deni lililobaki wala si gharama ya kujenga. Ukikuta unalipia bima ya muundo wa fleti wakati jengo zima limeshakatiwa bima ya muundo huohuo, unalipa mara mbili kwa kitu kimoja, na hutalipwa mara mbili, kwa sababu bima ya mali hurudisha hasara tu. Peleka nakala ya hati ya jengo benki uulize kama inatosheleza sharti lao.

Unachohitaji ni bima ya mwenye fleti inayoanzia pale bima ya jengo inapoishia. Mwambie wakala maneno hayohayo, na umpe hati ya jengo aisome kabla ya kukupa bei. Wakala anayekupangia bima bila kuiuliza hati hiyo anabahatisha.

Kitu cha kwanza cha kukatia ni maboresho: makabati, sakafu ya mbao, dari za mapambo, taa ulizojengea, bafu ulilolibadilisha. Hakikisha yametajwa kwa jina hilo na kwa kiasi chake, kwa sababu bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani hubeba vinavyohamishika tu, na bima ya jengo ya mtindo wa pili haibebi ulichokiongeza. Mbao zako zingeanguka katikati hata kama ungekuwa na zote mbili. Kiasi kiwe gharama ya kuyatengeneza upya leo, kazi ya fundi na kuondoa yaliyoharibika vikiwemo.

Kisha vyombo. Pita chumba kwa chumba na simu mkononi, fungua kila kabati urekodi, kisha jumlisha bei ya kununua upya. Usikadirie kwa jicho, kwa sababu watu wengi husahau nguo, mapazia, vyombo vya jikoni na vitu vya watoto, na kile kifungu cha uwiano kinaweza kuwemo hata kwenye hati ndogo kama yako. Uliza pia kama watalipa bei ya kitu kipya au watakata uchakavu. Kochi la miaka minane likikatwa uchakavu linakuletea fedha kidogo sana.

Baada ya hapo dhima yako binafsi, ile ya mpira wa mashine ya kufulia. Katika fleti, makosa ya mtu mmoja hushuka ghorofa zote zilizo chini yake, kwa hiyo usichague kiwango cha chini kwa kuangalia vyombo vyako tu. Fikiria majiko matatu chini yako yakilowa kwa wakati mmoja.

Ongeza gharama za kuishi kwingine fleti isipokalika, au kodi inayopotea kama umepangisha. Bima ya jengo wakati mwingine hubeba hilo, wakati mwingine haibebi, na muda wake una ukomo. Mpangaji naye ajikatie vyombo vyake, maana vyako na vyake haviko kwenye hati moja.

La mwisho ni mchango wa wamiliki. Baadhi ya kampuni huuza nyongeza inayokulipia fungu lako pale chama kinapowachangisha kwa sababu ya hasara iliyobebwa na bima ya jengo, pamoja na sehemu ya ekses utakayotwishwa. Isome kwa makini. Kawaida ina kikomo kidogo, haigusi michango ya matengenezo, na si kila nyongeza ya namna hii inakubali pengo linalotokana na jengo kukatiwa bima ndogo. Uliza swali hilo moja kwa moja na upate jibu la barua.

Kama unasafiri sana, tazama kifungu cha nyumba kukaa tupu. Hati nyingi hupunguza au kusimamisha bima ya maji fleti ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60 mfululizo, na nyingine hutaka vali ya fleti ifungwe ukiondoka.

Bima utakayokata sasa haitalipa maji yaliyokwisha kumwagika, kwa hiyo wiki hii fanya haya. Hakikisha kamati imeshaipa kampuni taarifa kwa maandishi, kwa sababu kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Peleka kwao barua yako yenye tarehe, saa, picha na orodha ya dari, plasta na makabati, ukitenganisha vya awali na vya kwako. Zuia hasara isikue: inua mbao zilizolowa zikauke, fungua madirisha, tunza risiti za fundi. Makabati usiyatupe mpaka mkaguzi ayaone, na akija uwepo mwenyewe, usimwachie meneja pekee.

Ukiwa unasubiri, andika hoja mbili kwa ajili ya kikao kijacho cha wamiliki: jengo lithaminiwe upya kwa gharama ya kujenga kabla ya bima kuhuishwa, na kila mmiliki apewe nakala ya hati kila mwaka. Makabati mapya yakifika, yapige picha kabla hayajafungwa na baada ya kufungwa, uzitume picha pamoja na ankara ya fundi kwa wakala wako siku hiyohiyo ili kiasi cha maboresho kibadilishwe kwenye jedwali.